Kredit Noti Imetumwa, Mteja Alipe Ngapi?

Bidhaa zikirudishwa, muuzaji wa jumla nchini Kenya hawezi kuchukua kalamu na kuikatakata ankara aliyokwisha kuitoa. Ankara hiyo imeshapita kwenye mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru (KRA) na VAT yake imeshahesabiwa. Njia iliyopo ni kutoa hati ya pili inayopunguza ile ya kwanza, yaani kredit noti, ambayo hutaja nambari ya ankara inayohusika. Kwa kawaida, Sheria ya VAT ya mwaka 2013 humpa muuzaji miezi sita tangu siku ya ankara kuitoa hati hiyo.

Hayo makarani wa hesabu wanayajua vizuri. Kinachowaponyoka ni ule ujumbe mfupi wanaoutuma pamoja na hati, kwa WhatsApp au barua pepe. Mteja husoma ujumbe huo kwanza, na mara nyingi hulipa kwa kuutegemea huo peke yake.

Tuchukue mfano wa ghala la rangi Changamwe linalomuuzia mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kongowea. Amechukua ndoo 50 za rangi, kila moja shilingi 6,000 kabla ya ushuru. Jumla ni 300,000, VAT ya asilimia 16 ni 48,000, na ankara nambari 482 ikasoma 348,000. Alitanguliza 150,000, kwa hiyo zikabaki 198,000 za kulipwa kufikia tarehe 30. Mzigo ulipofunguliwa, ndoo sita zilikuwa zimepasuka vifuniko na rangi imeanza kuganda. Akazirudisha, na ghala likatoa kredit noti nambari 118 ya shilingi 41,760. Karani akaandika hivi:

"Mteja mpendwa, kufuatia malalamiko yako tunapenda kukufahamisha kwamba akaunti yako imekreditiwa sh. 41,760 kupitia kredit noti 118. Tafadhali pokea nakala kwa kumbukumbu zako na ulipe deni lako bila kuchelewa."

Hakuna uongo hata mmoja katika maneno hayo, ila msomaji hapati jibu la swali lake. Akisoma kwamba akaunti yake imekreditiwa, anaweza kudhani pesa zinakuja kwenye simu au benki, ilhali akaunti inayosemwa ni ukurasa wake katika vitabu vya ghala. Ankara nambari 482 haikutajwa, na huenda anadaiwa ankara nyingine mbili. Tena ndoo sita kwa shilingi 6,000 ni 36,000, basi hizo 41,760 zimetoka wapi? Mwisho anaambiwa alipe deni lake, lakini kiasi cha deni hakikuandikwa popote.

Anayeuhariri ujumbe huu aanze na hilo la mwisho. Kiasi kinachobaki ndicho mteja anachokitafuta, kwa hiyo kikae juu kabisa, pamoja na nambari ya ankara na tarehe ya kulipa. Baada ya hapo ifuate hesabu, kila hatua na mstari wake, ili mama aweze kuifuata kwa kikokotoo chake mwenyewe na kufikia jibu lile lile. VAT ya ndoo zilizorudi, shilingi 5,760, ipewe mstari wake, kwa kuwa ndiyo inayoeleza tofauti kati ya 36,000 na 41,760. Na neno "imekreditiwa" libadilishwe kwa kitenzi kinachosema kilichotokea: deni limepunguzwa. Jina la hati, kredit noti, libaki, kwa sababu ndilo atakaloliona kwenye nakala aliyoambatishiwa. Ujumbe unakuwa hivi:

"Habari za asubuhi, mama. Kwenye ankara 482 sasa umebakiwa na sh. 156,240, za kulipwa kufikia tarehe 30. Tumelipunguza deni kwa sababu ya ndoo sita ulizorudisha:

Ankara 482: 348,000
Ulizokwisha kulipa: 150,000
Baki kabla ya punguzo: 198,000
Ndoo 6 kwa 6,000: 36,000
VAT ya ndoo hizo: 5,760
Jumla ya kredit noti 118: 41,760
Baki ya kulipa: 156,240

Punguzo hili tumeshalitoa, kwa hiyo usilikate tena. Unapolipa, andika 482. Samahani kwa usumbufu wa vifuniko."

Ujumbe umerefuka, lakini kila mstari una kazi. Hata ule wa kuomba asikate tena una sababu: kuna wateja ambao, wakiona kredit noti imeambatishwa, huitoa kwa mara ya pili kwenye baki waliyoandikiwa.

Malipo yakifika, kiasi chenyewe humwonyesha karani jinsi ujumbe ulivyosomwa. Mama akilipa 198,000, huenda hakuihesabu kredit noti, pengine akidhani pesa zake zitarudishwa kando. Akilipa 162,000, amekata bei ya ndoo na kusahau VAT. Akilipa 114,480, amekata punguzo mara mbili. Kabla ya kupiga simu ya kudai, karani alinganishe kiasi kilichoingia na hizo tatu, kisha arudi kwenye ujumbe wake atafute mstari uliopotosha.

Kuna jambo la kukaguliwa kabla ya kutuma. Katika programu nyingi za uhasibu, kutoa kredit noti hakutoshi. Lazima mtu aioanishe na ankara yake. Asipofanya hivyo, ankara 482 hubaki imesimama kwenye 198,000 na kredit noti ikae pembeni peke yake. Hapo ujumbe utasema 156,240, na wiki inayofuata kikumbusho kinachojituma chenyewe kidai 198,000. Mteja mwenye karatasi mbili zinazopingana huacha kulipa mpaka aelezwe. Basi fungua ukurasa wa mteja kwanza, uone baki ni ile ile uliyoiandika.

Kama mteja naye amesajiliwa kwa VAT, mwongezee sentensi moja: ushuru anaodai kwenye ankara hii umeshuka kutoka 48,000 hadi 42,240. Asipolijua hilo, atadai 5,760 zisizo haki yake na hesabu zake zitapishana na za muuzaji mbele ya KRA.

Mpangilio huu unafaa pale tu deni linapozidi punguzo. Mteja aliyekwisha kulipa ankara yote hana baki ya kupunguziwa. Yeye ndiye anayedai. Huyo aandikiwe wazi kwamba ana shilingi 41,760 mkononi mwa ghala, kisha aulizwe kama anataka zirudishwe au zikatwe kwenye mzigo ujao. Na mwenye ankara kadhaa atajiwe ni ipi imepunguzwa, asije akaikata ile iliyo karibu na tarehe ya kulipwa.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, mpe ujumbe wako mwenzako wa ghalani asiyeijua ankara hiyo, umuulize: huyu mteja alipe ngapi, lini, na kwa ankara ipi? Akikujibu yote matatu bila kufungua kiambatisho, tuma. Akisita kwa moja, hariri tena.