Wako Milele, Si Milele Yako

Binti wa dada yangu alivua pete yake ya uchumba akanipa. "Mjomba, hebu soma ndani."

Mchumba wake si Mswahili. Alitaka kumwandikia mwenzake, kwa lugha ya kwao, kwamba yeye ni wake daima. Kwa Kiingereza maneno hayo ni mawili tu. Aliyaandika kwenye simu, simu ikamjibu papo hapo, naye akaipeleka karatasi kwa sonara. Nikasogea dirishani penye mwanga. Ndani ya pete kulikuwa na herufi nyembamba, safi kabisa: Milele yako.

"Milele yako nini?" nikauliza. Akatabasamu kidogo, kisha akanyamaza. Hata yeye alikuwa ameshajiuliza hivyo.

Kosa lenyewe ni dogo, lakini linaeleza mengi. Kiingereza kina neno moja la "chako" kwa kila kitu, kiwe mtu, nyumba au ng'ombe. Kiswahili hakikubali hivyo. Ni lazima kwanza kijulikane kinachomilikiwa: nyumba yako, kitabu chako, gari lako, mume wako. Anayejitoa ndani ya pete ni mtu, kwa hiyo ni "wako". Ndiyo maana barua zetu huishia na "Wako mpendwa". Simu haikuambiwa kwamba anayesema ni mtu, ikachukua "yako" na kuacha maneno yafuatane kama yalivyofuatana kwa Kiingereza. Matokeo yake, badala ya kijana kujitoa kwa mpenzi wake, pete inamwambia kwamba umilele ni mali yake.

Angeandika sentensi ndefu, kwa mfano, "Nimekununulia pete hii kwa sababu mimi ni wako milele," huenda simu isingekosea, maana kila neno lingesaidiwa na jirani yake. Maneno mawili hayana jirani, na pete na tatuu hupenda maneno mawili. Pete yenye upana wa milimita 17 kwa ndani ina mzunguko wa milimita 53 hivi, na humo lazima alama ya sonara nayo ipate nafasi. Mwenye tatuu naye anahesabu maumivu.

Hesabu hiyo ya maumivu ilimponza mwimbaji Ariana Grande mwaka 2019. Alitaka kiganjani mwake jina la wimbo wake kuhusu pete saba, kwa Kijapani. Maneno kamili yana herufi kadhaa, akaruka za katikati kwa sababu kiganja kinauma sana. Zilibaki mbili: ya saba, na ya pete au duara. Kila moja peke yake ni sahihi, ila zikikaa pamoja Wajapani husoma "shichirin", yaani jiko dogo la mkaa. Kwetu pia, ukiunganisha mwana na maji hupati mtoto na kikombe, unapata mwanamaji, baharia. Alirudi akaongeza herufi nyingine, lakini ilikaa vibaya na maneno hayakunyooka.

Wengi hudhani wamejikinga kwa kuirudisha tafsiri kwenye Kiingereza. Hiyo si salama. Chombo kilekile kilichokosea mwanzo huweza kulisamehe kosa lake na kukurudishia maneno mazuri uliyoanza nayo. Njia ninayoiamini ni kumpa karatasi mtu aliyekulia katika lugha hiyo, bila kumwambia ulikusudia nini. Muulize: hapa nani anasema, na anamwambia nani? Akikuuliza "yako nini?" umepata jibu. Kisha mtafute wa pili, mbali na wa kwanza.

Kwa maandishi ya Kiarabu kuna hatari moja zaidi. Herufi zake hushikana na kubadilika umbo kulingana na mahali zilipo katika neno. Programu nyingine za kuchorea huzitenganisha na kuzipanga kutoka kushoto. Kwa asiyejua kusoma bado zinaonekana za kupendeza, na mchoraji hunakili alicholetewa. Kwa hiyo msomaji aangalie mchoro wa mwisho, ule hasa utakaowekwa juu ya ngozi.

Tatuu ikishaingia, wino umekaa chini ya tabaka la juu la ngozi. Kuufuta kwa leza huchukua vikao vingi, wiki kadhaa kati ya kimoja na kingine, na wino wa kijani au wa buluu huwa mkaidi kuliko mweusi. Pete ina nafuu, ingawa kila kinachosuguliwa ni dhahabu inayopungua.

Sonara alikubali kuisugua ya binti yetu, kwa tahadhari, isije ikawa nyembamba mno, akachonga upya: Wako milele. Nilizihesabu herufi. Ni kumi, sawasawa na zile za mwanzo. Nafasi haikuwa tatizo hata kidogo. Ukiigeuza pete kwenye jua, mkia wa ile "y" bado unaonekana kwa mbali chini ya maneno mapya.