Kahawa kwa Video: Aliyeomba Ndiye Aage

Tuseme kijana mhasibu wa Mwanza anataka kuingia kwenye kazi ya ukaguzi wa hesabu. Rafiki yake amemtambulisha kwa dada mmoja Mtanzania anayefanya kazi hiyo Hamburg. Hawajawahi kuonana, na njia iliyopo ni kunywa kahawa kwa simu ya video, kila mmoja na kikombe chake. Si usaili wala si kikao cha ofisi, ndiyo maana wengi huacha yaende yatakavyo. Hapo anayeumia ni mwenyeji wa Hamburg, ambaye baada ya kazi ya kutwa anajikuta ameshikwa na mtu asiyejua kuondoka.

Dawa inaanza kwenye ujumbe wa kwanza. Kijana aandike hivi: “Shikamoo dada. Naomba tunywe kahawa kwa video, dakika 30 tu. Natamani kusikia ulivyotoka uhasibu ukaingia ukaguzi, na kama ungekuwa Mwanza leo ungeanzia wapi. Jumanne saa 1 usiku ya huku, yaani 18:00 ya Hamburg, inakufaa?” Ajenda yote imo humo: maswali mawili na muda. Karatasi yenye vipengele vinane ingemtisha mtu aliyeombwa kahawa.

Saa nazo ziandikwe kwa namna mbili, kama hapo juu. “Saa 1” yetu si 1:00 ya kompyuta, na kalenda ya simu haijui hilo. Tena Hamburg hubadilisha saa: wakati wa kiangazi iko nyuma ya Mwanza kwa saa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba inakuwa nyuma kwa saa mbili, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Miadi iliyopangwa Septemba kwa ajili ya Novemba ihesabiwe upya. Na kama mnatumia Zoom ya bure, mazungumzo hukatwa yakifika dakika 40. Mkizembea, programu ndiyo itakayowaagia.

Siku yenyewe, salamu zipewe dakika tano. Usizifupishe, ila kumbuka kwamba sauti huchelewa kidogo njiani. Mfululizo wetu wa “habari za huko, za nyumbani, za kazi” hugongana hewani na kila mtu akaishia kusema “samahani, endelea.” Uliza moja, nyamaza, sikiliza. Picha ikianza kugandaganda, omba ruhusa mzime kamera zote mbili mbaki na sauti. Ni afadhali kumsikia vizuri kuliko kumwona nusu.

Kisha sema wazi: “Dada, nimepanga nikuache saa 1 na nusu kamili.” Sentensi hiyo humtua mwenzako mzigo, kwa sababu sasa anajua hatalazimika kutafuta kisingizio. Dakika 15 zinazofuata ni zake. Swali la kwanza huweza kuzimeza zote, na si hasara: ukimkata ili ufike swali la pili utakuwa umegeuza kahawa kuwa usaili. Ila majibu yakianza kuwa mafupi na macho yakawa yanakimbilia pembeni ya kioo, usisubiri saa, anza kufunga. Dakika tano zaidi zimwachie yeye akuulize.

Kazi. Usiiombe hapo. Hajakujua bado, atalazimika kukukatalia usoni, na simu yako inayofuata haitapokelewa.

Ikifika saa 1 na dakika 25, aga. Hapa ndipo tunapokwama, kwa sababu kwetu mwenyeji hamwambii mgeni muda umekwisha. Mgeni ndiye anayeomba ruhusa. Kwenye video haijulikani nani mgeni, hivyo wote wawili hungoja. Mimi nasema aliyeomba mazungumzo ndiye mgeni, hata kama linki aliituma yeye. Aseme: “Dada, zimebaki dakika tano, naomba nianze kuaga.” Ataje jambo moja alilolichukua na atakalolifanya, kwa mfano kuulizia taratibu za mitihani ya NBAA wiki hii. Aulize kama kuna mtu mwingine ambaye dada angemshauri azungumze naye. Kisha ashukuru na kuaga, asubiri aagwe, akate.

Akisema “endelea tu, sina haraka,” ongeza dakika kumi na uzitaje. Zikiisha, usiongeze tena. Sentensi hiyo mara nyingi ni adabu tu.

Usiku huohuo tuma ujumbe wa mistari mitatu wa shukrani, wenye lile jambo uliloahidi. Baada ya hapo usimjulie hali kila asubuhi. Mwandikie tena ukishafanya alichokushauri, umweleze kilichotokea.