Ngoswe asomwe kwa sauti: jinsi klabu ya vitabu inavyoweza kudumu Kyela

Klabu nyingi za vitabu hufia kwenye kikao cha pili, na chanzo huwa karibu kilekile: watu waliambiwa wakasome nyumbani. Siku ya kwanza hujaa kumi na wawili, wanakubaliana kitabu, wanachanga fedha, wanapeana mwezi mmoja. Mwezi ukitimia, watatu wamemaliza, watano wameishia katikati, waliobaki hawajaiona nakala. Wale watatu ndio wanaozungumza. Wengine wanakaa kimya kwa aibu, na kikao kinachofuata hawaji.

Hapa Kyela hali hiyo ina sababu zake. Maduka ya vitabu mjini yanaishi kwa madaftari na vitabu vya kiada, kwa hiyo riwaya moja mara nyingi huagizwa Mbeya au Dar es Salaam. Mtumishi akitoka kazini anapitia shambani, kwenye mpunga au kakao, na akifika nyumbani giza limeshaingia. Kati ya Machi na Mei mvua zinapokolea, mito kama Mbaka na Kiwira ikifurika, mtu wa Ipinda au Matema anaweza kukaa siku kadhaa bila kufika mjini. Klabu inayotegemea kila mwanachama awe na nakala yake na saa nyingi za upweke haijapangwa kwa ajili ya watu hawa.

Njia inayowafaa tunayo, na ilishafanya kazi nchi nzima. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12, na watu wapatao milioni mbili wakajiunga katika vikundi vya kijijini. Kila kikundi kilikuwa na redio, kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Walikusanyika, wakasikiliza kipindi, mmoja akasoma kwa sauti sehemu ya wiki hiyo, kisha wakajadili na kukubaliana la kufanya, kama kuchimba choo au kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Aliyekuwa hajui kusoma vizuri alishiriki sawa na wengine, kwa sababu kitabu kilisomwa pale pale mbele yake. Kiongozi hakutakiwa kuhutubia. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kuhakikisha kila mtu anasema.

Hilo ndilo ninalopendekeza kwa ofisi, kituo cha afya, shule au mtaa wowote wa ukanda huu wa ziwa: someni ndani ya kikao. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Wakizidi hapo, gawaneni makundi mawili, maana katika saa moja na nusu watu ishirini hawawezi kupata zamu ya maana. Nakala nne zinatosha watu kumi na wawili, watatu watatu kwa kila nakala.

Kitabu cha kwanza nitakitaja kwa jina, kwa sababu uchaguzi wa kitabu cha kwanza huamua mambo mengi. Anzeni na tamthilia ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyotoka mwaka 1988. Kwanza, nakala zake zipo majumbani. Imesomwa sekondari kwa miaka mingi, hivyo mkiulizana ofisini mtazipata kwenye makabati ya wadogo zenu na watoto wenu bila kununua hata moja. Pili, ni nyembamba, na kwa kuwa ni tamthilia mnagawana wahusika na kuisoma kwa sauti bila mtu mmoja kuchoka. Vikao vitatu vinaimaliza. Tatu, na hili ndilo kubwa, inawahusu watumishi wa umma moja kwa moja.

Ngoswe ni karani wa sensa, kijana msomi aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anampenda Mazoea, binti wa Balozi Mitomingi, mwenyeji wake katika kazi hiyo, na anamtorosha. Baba mtu kwa hasira anazichoma karatasi za sensa, na kazi yote inapotea. Ukimsomea kisa hiki mtu wa Kyela aliyekuwa karani wa sensa Agosti 2022, hatakosa la kusema. Yeye alizunguka na kishikwambi, si karatasi, lakini mwenyeji, mlo wa ugenini, macho ya jirani na mabinti wa nyumba aliyofikia ni vilevile.

Sasa tukae kwenye kikao cha tatu, ambacho ndicho kigumu, kwa sababu kisa kimekwisha na watu wanataka kuhukumu. Tuseme mnaanza saa kumi jioni. Mnasoma hadi saa kumi na dakika arobaini, hadi karatasi zinapoungua. Kisha dakika tano za kimya, kila mtu akiandika sentensi moja kwenye kipande cha karatasi. Dakika hizo msizifute hata mkichelewa. Mtu aliyekwisha kuandika ana kitu mkononi, na hata akiwa mwenye haya ataweza kukisoma. Asiyezoea kuandika amnong'oneze jirani, jirani aandike.

Baada ya hapo linakuja swali, na hapa ndipo wengi tunakwama. Sote tumepita kwenye somo la Kiswahili la kidato cha nne, tukazoea kuulizwa fani na maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Mwenyekiti akiuliza "mwandishi anatufundisha nini?" watu wazima wanarudi darasani mara moja. Mmoja anajibu kwamba uzembe ni mbaya, wa pili anakubali, wa tatu hana la kuongeza, na mjadala umekwisha kabla chai haijapoa. Wekeni kanuni kwamba kwa nusu saa ya kwanza maneno hayo ya mtihani hayatumiki.

Swali zuri lina majibu mawili yanayoweza kutetewa kwa kurudi kwenye kurasa. Kwa Ngoswe ningeuliza hivi: karatasi zilichomwa na Mitomingi, je, sensa iliharibiwa na nani? Mmoja atasema ni Mitomingi, kwa sababu alikuwa balozi na alijua ile ni mali ya serikali. Mwingine atasema ni Ngoswe, maana bila yeye hasira ile isingekuwapo. Wa tatu huenda akalitazama jambo kutoka upande wa waliomtuma kijana yule peke yake na kazi nzito kiasi hicho. Kila anayejibu aombwe kuonyesha ni mahali gani katika kitabu. Kisha swali la pili: ni wapi hasa Ngoswe alikuwa bado anaweza kurudi nyuma? Hili linawalazimisha watu kufungua kurasa, na wakifungua kurasa wanaacha kugombana wao kwa wao. La tatu limhusu Mazoea: yeye alitaka nini? Wanaume wengi humzungumzia kama kitu kilichochukuliwa tu, na wanawake waliomo chumbani ndio husahihisha, wakipewa nafasi.

Nafasi hiyo haiji yenyewe. Mkuu wa idara akisema wa kwanza, wa chini yake wataitikia. Utamsikia mtu akianza na "kama alivyosema mheshimiwa," na ukisikia hivyo mara mbili mfululizo, jua mjadala umeshafungwa. Dalili nyingine ni ya macho: watu wanamtazama mkuu kwanza, ndipo wanacheka. Dawa yake ni utaratibu. Duru ya kwanza anaanza mdogo kwa cheo au umri, mkuu anamalizia, na hakuna anayejibu hoja mpaka duru iishe. Mwenyekiti abadilike kila kikao, na mkuu wa ofisi asiwe mwenyekiti katika kitabu cha kwanza. Aambiwe hayo mapema na faragha, kwa heshima, na mtu anayelingana naye. Mtu mwingine apewe karatasi yenye majina yote, apige kijiti kila mtu anaposema. Mwisho wa kikao karatasi hiyo inazungushwa bila maneno. Mwenye vijiti tisa akimwona mwenzake ana kimoja, mara nyingi anajirekebisha mwenyewe kikao kijacho.

Katika eneo hili kuna jambo zaidi la kuangalia. Monica Wilson, aliyewatafiti Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1951, alieleza kwamba vijana wa rika moja walijenga na kuishi pamoja, na kwamba ukwangala, yaani kukaa na kula na kuzungumza na wenzako, ulihesabiwa kuwa sehemu kubwa ya maisha mema. Ulikuwa mazungumzo ya walio sawa. Upande wa pili palikuwa na mwiko mkali kati ya mkazamwana na baba mkwe, ambao hawakupaswa hata kukutana uso kwa uso. Mila zimelegea, lakini staha hiyo haijafutika. Klabu ya mtaani ikiwachanganya baba mkwe na mke wa mwanawe, halafu ikafungua kisa cha binti aliyetoroshwa, mmoja wao atanyamaza, na huyo ni yule mama. Kwa hiyo mnapounda kundi la mtaa ulizeni nani ana mkwe humu, na kama wapo, gawaneni vikundi viwili vinavyosoma kitabu kimoja.

Lugha nayo. Kitabu ni cha Kiswahili, lakini mjadala ukipamba moto watu wa hapa huhamia Kinyakyusa, na humo ndimo yanamotoka maneno matamu zaidi. Msikizuie. Ila kama kuna muuguzi kutoka Tanga au mwalimu kutoka Mara, anayesema kwa Kinyakyusa asimame kidogo, na mtu wa jirani aeleze hoja ile kabla ya mwingine kuchangia.

Mkimaliza Ngoswe, kitabu cha pili kichaguliwe kwa kura za siri kati ya vitatu ambavyo mmehakikisha vinapatikana, angalau nakala nne. Kwa wanaofanya kazi bandarini Itungi au Kiwira ningekipendekeza Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, kinachowahusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Ni riwaya, kwa hiyo someni kwa sauti sura zilizochaguliwa, na mwanachama mmoja asimulie kwa dakika tano yaliyo katikati. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ina nguvu kuliko vyote hivi katika kuzungumzia malezi ya mabinti, lakini mambo yake ya ngono na ukali wa baba yanagusa nyumba za watu. Iacheni mpaka kundi limeonyesha kwamba linaweza kutunza yanayosemwa ndani. Kipimo chake ni rahisi: kama jambo la faragha lililosemwa kwenye kikao limesikika sokoni, kundi bado halijafika hapo, na kitabu kinachofuata kiwe tamthilia nyingine.