Mteja Atajua Kwamba Sikuandika Mwenyewe?

Mwenye duka moja dogo la khanga, Mtaa wa Uhuru jijini Dar es Salaam, anauza sehemu ya mzigo wake dukani na sehemu kwa simu. Anapiga picha doti, anaiweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, kisha anaandika maelezo chini yake. Mzigo mpya ukiingia na aina arobaini za khanga, maelezo hayo yanamkesha. Sasa kazi hiyo ameiachia akili mnemba, na jambo moja linamsumbua. "Wateja wangu wananijua," aliniambia. "Hivi wanaweza kugundua kwamba si mimi niliyeandika?"

Kama anachouliza ni iwapo msomaji anaweza kusoma maneno matupu akatambua aliyeyaandika, basi mara nyingi hawezi. Mwaka 2023 watafiti Maurice Jakesch, Jeffrey Hancock na Mor Naaman walichapisha majaribio sita yaliyohusisha watu 4,600. Waliwasomesha maelezo ambayo watu hutumia kujitambulisha: wenye nyumba za kupangisha wageni, wanaotafuta kazi, wanaotafuta wachumba. Wakawauliza yapi yameandikwa na mtu na yapi na mashine. Walipatia takriban nusu tu, yaani sawa na kurusha shilingi. Kilichowaponza ni kuamini dalili zisizo na maana. Mwandishi akisema "mimi" au akitaja familia yake, walidhani lazima ni mtu, na mashine nayo inajua sana kusema hivyo.

Majaribio hayo yalikuwa ya Kiingereza. Mteja wa khanga anasoma Kiswahili, na hapo mambo hubadilika, kwa sababu mashine imejifunza kwa maandishi ya Kiingereza kuliko ya lugha nyingine yoyote. Haya ni maelezo ya aina ambayo mwenye duka wangu alikuwa akiyapata alipoandika tu "niandikie tangazo la khanga nyekundu":

"Ongeza mguso wa umaridadi kwenye kabati lako kwa khanga hii ya kuvutia, iliyotengenezwa kwa kitambaa cha hali ya juu. Ni kamili kwa kila tukio!"

Hakuna muuza khanga anayezungumza hivyo. Mguso wa umaridadi ni Kiingereza kilichovaa baibui, na mama aliyefunga khanga miaka thelathini atakisikia mara moja, hata kama hatasema ni mashine. Atahisi tu kwamba anayezungumza naye hajui khanga. Lakini tuseme lugha imenyooshwa. Bado kuna pengo kubwa zaidi, kwa kuwa sentensi hizo ukizihamishia kwenye pazia au kiatu zinakaa vilevile. Mnunuzi wa khanga ana maswali yake. Ni doti au kipande? Ni pamba au poliesta? Inachuja? Na kabla ya yote hayo: jina lake nini?

Jina ndilo linalouza khanga. Mtu anaweza kupenda rangi, akapenda pindo na mji, akairudisha kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa. Khanga ya kumpelekea mkwe haichaguliwi kama khanga ya kumjibu jirani. Mashine isiyoambiwa jina ama italiruka, ama itatunga la kwake, au itasema tu kwamba khanga ina "ujumbe mzuri wa upendo". Hata ukiipa picha, doti ikiwa imekunjwa na maneno yakaonekana nusu, inaweza kumalizia yenyewe nusu iliyobaki. Fikiria mteja wa Mwanza anayeagiza doti ya kumtunza mama yake kwa kuamini ujumbe wa upendo, kisha anaifungua mbele ya watu akakuta kijembe. Mteja huyo hatajali maelezo yaliandikwa na nani. Anachojua ni kwamba duka limemdanganya.

Hatari ya namna hiyo imo pia katika maneno mafupi yanayoonekana hayana madhara: "pamba asilimia 100", "haichuji". Mashine huyaweka kwa sababu matangazo mengi ya nguo huyasema. Haijaishika khanga. Mwenye duka ndiye anayeweza kujua, na njia ni rahisi. Chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome: wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kuhusu kuchuja, lowesha ncha moja, isugue kwenye kitambaa cheupe, utazame. Usitegemee ugumu wa khanga mpya, maana huo mara nyingi ni wanga tu, na huisha maji ya kwanza.

Nilimshauri abadilishe mpango. Sasa anashika doti mkononi na kurekodi kwa sauti anachokiona, kama vile anamwelezea mteja aliyesimama mbele yake. Mashine inapanga maneno hayo tu, na imekatazwa kuongeza sifa yoyote ambayo hakuitaja. Khanga ileile nyekundu ikatoka hivi:

"Doti, pamba tupu, haijakatwa. Nyekundu na nyeusi, mji mweupe. Jina: MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Nyekundu ilitoka kidogo maji ya kwanza, ya pili haikutoka. Pindo la kona moja limepauka, angalia picha ya tatu. 15,000. Mkoani, nauli ya basi juu yako."

Hapo sioni mteja atatambuaje nani aliyepanga koma, wala sioni sababu ya yeye kutaka kujua. Kila neno limetoka kwa mtu aliyeigusa khanga, pamoja na kasoro ya pindo ambayo mashine peke yake isingeijua.

Aliniuliza pia kama atumie programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine, ajipime kabla ya kutangaza. Asipoteze muda. Kampuni ya OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu kama hiyo Januari 2023. Katika majaribio yao wenyewe ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na ikawasingizia binadamu katika asilimia 9 ya maandishi yao. Walionya kwamba haiaminiki kwa maandishi yasiyofika herufi 1,000, na kwamba itumike kwa Kiingereza tu. Julai mwaka huohuo wakaiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Tangazo la khanga hilo hapo juu halifiki hata herufi 300.

Wauzaji wengi wanaoumbuka, wameumbuliwa na haraka ya kunakili. Januari 2024 duka la mtandaoni la Amazon lilikutwa na bidhaa ambazo mahali pa jina pameandikwa, kwa Kiingereza, samahani, siwezi kutimiza ombi hili. Muuzaji alibandika jibu la mashine bila kulisoma. Kwetu utaona tangazo linaloanza na "Hapa kuna maelezo ya bidhaa yako", au nyota mbilimbili zimezagaa kwenye maneno, au mabano yanayosema weka bei hapa. Hayo mteja huyatambua bila kusaidiwa na yeyote.

Je, atangaze kwamba anasaidiwa? Kwa kupanga maneno, sioni ulazima. Lakini "nimeivaa mwenyewe" asiiandike kama hajaivaa, na sifa za mteja ambaye hayupo asizitunge kamwe, iwe kwa mkono wake au kwa mashine. Sheria ya Tanzania ya uuzaji wa bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na anayedaiwa kisipolingana ni muuzaji.