Mabasi Mangapi kwa Njia ya Butembo?

Anayetoka Mulekera, mjini Beni, kwenda Butembo hufika kwenye pakingi, akaonyeshwa kiti, kisha akangoja. Gari halina saa ya kuondoka. Lina idadi ya viti. Konvoyeri huita abiria mpaka kiti cha mwisho kipate mtu, ndipo dereva awashe injini. Kwa mwenye gari utaratibu huu una akili, kwa sababu halisafiri hata siku moja na viti vitupu. Gharama yake humwangukia abiria wa kwanza, ambaye humngoja wa mwisho bila kujua atatoka wapi.

Sasa tuseme chama cha usafiri kinataka kubadilisha mambo: basi liondoke Beni kila baada ya dakika 30, lijae lisijae, na lingine liondoke Butembo vivyo hivyo. Swali la kwanza la mhasibu litakuwa mabasi mangapi. Wengi hukimbilia kuhesabu abiria, nao wana sehemu yao, maana ndio wanaotuambia kama dakika 30 zinatosha au hazitoshi. Lakini muda huo ukishachaguliwa, idadi ya mabasi haitoki kwa abiria tena. Inatoka kwenye saa ya mkononi.

Lifuate basi moja tu. Linaondoka Beni, linapita Kabasha na Maboya, linaingia Butembo, linashusha, linasimama kidogo, linapakia, linarudi Beni, linasimama tena, na sasa liko tayari kuanza upya. Muda wote huo, tangu lilipoondoka mpaka liwe tayari kuondoka tena pale pale, ndio muda wa mzunguko. Wakati lenyewe liko njiani, kila baada ya dakika 30 lazima basi lingine lichukue zamu yake Beni. Kwa hiyo mabasi yanayohitajika ni sawa na zamu zinazoingia ndani ya mzunguko mmoja. Ukiita mzunguko C, mwachano kati ya basi na basi H, na idadi ya mabasi N:

N = C ÷ H

Jibu likiwa na sehemu, panda hadi namba nzima inayofuata.

Tuweke namba. Kutoka Beni hadi Butembo kwa Barabara ya Taifa namba 2 ni kama kilomita 54. Kwa mfano wetu tuchukue mwendo wa wastani wa kilomita 36 kwa saa, pamoja na kushusha na kupakia njiani. Hiyo ni dakika 90 kwenda na 90 kurudi. Kila mwisho wa njia tuweke kituo cha dakika 15. Jumla 210. Gawanya kwa 30: mabasi 7, bila salio.

Mwenye haraka akitaka basi kila dakika 20, 210 kwa 20 ni kumi na nusu. Nusu basi halipo, kwa hiyo ni 11. Basi hilo la kumi na moja haliongezi kasi, linaongeza kusimama. Mabasi 11 mara dakika 20 ni dakika 220, na mzunguko uliokuwa 210 sasa una dakika 10 za ziada. Mpangaji mzuri hazifichi. Ama anazigawa katika vituo viwili, ama anajiuliza kama dakika 21 badala ya 20 zingemwudhi abiria yeyote. Kwa dakika 21, mabasi 10 yanatosha kabisa. Dakika moja imeokoa basi zima, pamoja na dereva wake na mafuta yake.

Zile dakika 15 za kusimama ndizo mwenye gari hutaka kuzikata kwanza. Anaona basi limesimama na anaona fedha zinalala. Kweli, zikifutwa zote, mzunguko unashuka hadi 180, na mabasi 6 yanatosha kwenye karatasi. Lakini muda huo una kazi mbili: dereva apumzike, ale, ajisaidie, na ucheleweshaji wa safari moja ufe hapo kabla haujaingia safari inayofuata. Bila kituo, basi lililochelewa dakika 12 kwenye barieri linaondoka Butembo likiwa limechelewa dakika 12. Linakuta abiria wengi zaidi, kwa kuwa wamengoja zaidi, kwa hiyo linachelewa kupakia pia. Basi la nyuma yake linakuta watu wachache na linakwenda upesi. Kabla ya adhuhuri yanaingia Beni yameongozana, kisha saa nzima hakuna kitu.

Ndiyo maana dakika 90 zisiwe wastani tu. Ukipanga kwa wastani, karibu nusu ya safari zitachelewa. Pima safari nyingi, kisha chukua muda ambao katika safari kumi, nane au tisa huwa zimefika. Ukitaka kujua kama ulipatia, hesabu mabasi yaliyosimama mwisho wa njia. Mpango wetu unahitaji basi moja lisimame dakika 15 katika kila dakika 30, yaani nusu ya muda pakingi iwe na basi na nusu iwe tupu. Ukikuta mawili kila mara, umepanga kwa ulegevu, au yameanza kuongozana. Usipokuta hata moja, njia imekula kituo.

Mvua hula zaidi. Safari ikifika saa mbili kila upande, mwendo peke yake ni dakika 240, na ukiongeza vituo vilevile mzunguko ni 270. Mabasi 7 hayawezi tena kutoa dakika 30, hata madereva wakifokewa. 270 kwa 7 ni karibu dakika 39, na kubaki kwenye 30 kunataka mabasi 9. Mwaka 2021 Kongo na Uganda zilizindua mradi wa barabara unaojumuisha kipande hiki cha Beni na Butembo. Kwa mpangaji wa mabasi, lami ya namna hiyo ni njia ya kununua mabasi bila kuyanunua: kila dakika 15 inazopunguza kila upande zinakuachia basi moja.

Kuna hesabu moja ya asubuhi ambayo fomula haisemi. Mabasi yote 7 yakilala Beni, na la kwanza likiondoka saa 12:00 asubuhi, Butembo halipati basi la kuondoka hadi saa 1:45. Kwa hiyo 3 yalale Butembo, yaondoke saa 12:15, 12:45 na 1:15; na 4 ya Beni yaondoke saa 12:00, 12:30, 1:00 na 1:30. La kwanza la Beni linafika Butembo saa 1:30, linapumzika, linaondoka saa 1:45, zamu yake hasa. La kwanza la Butembo liko tayari Beni saa 2:00, pale pale lilipohitajika.

Jioni hesabu hiyo hugeuka. Kwenye njia hii watu hawapendi kukutwa na giza, na hali ya usalama ndiyo inayoamua. Tukitaka kila basi liwe limefika saa 12 jioni, la mwisho kutoka Beni ni saa 10:30, na la mwisho kutoka Butembo ni saa 10:15. Siku ya mvua, basi la saa 10:00 ndilo la mwisho kutoka Beni, na abiria aambiwe asubuhi.