Alama Tano Nyekundu, Habari Mbili

Siku hizi majibu ya maabara hufika kwa ndugu kabla ya kufika kwa daktari. Mgonjwa akikabidhiwa karatasi dirishani, huipiga picha akiwa bado kwenye benchi na kumtumia mpwa wake aliyesomea unesi au jirani anayeuza duka la dawa. Swali huwa lile lile: hizi alama nyekundu maana yake nini?

Anayeulizwa hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kutaja ugonjwa. Cha pili, ambacho watu hukiona kuwa ni huruma, ni kujibu, "Huna kitu." Vyote viwili ni kazi ya daktari, kwa sababu kumwambia mtu ni mzima nako ni kutoa hukumu juu ya mwili ambao hukuupima. Hata hivyo, kati ya hayo mawili kuna mengi ya kweli yanayoweza kusemwa.

Tuchukue karatasi ya mfano. Mwanamke wa miaka 34 amekwenda hospitali akilalamika uchovu, akapimwa picha nzima ya damu, kipimo ambacho kwenye karatasi huandikwa FBP au CBC. Wingi wa damu yake ni 12.6 na haukuwekewa alama. Chembe nyeupe kwa jumla ni 4.3, nazo hazina alama. Lakini mistari mingine mitano imewekewa H au L. H maana yake namba iko juu ya mpaka, L maana yake iko chini.

Kabla ya kueleza chochote, picha yenyewe ihakikiwe. Picha iliyopigwa upande hupindisha mistari, na H ya mstari wa juu ikaonekana ni ya mstari unaofuata. Mkunjo wa karatasi au mwanga wa taa humeza nukta, 1.72 ikasomeka 172. Mara nyingi pembeni hukatwa safu za vipimio na mipaka, na bila safu hizo namba haisomeki: wingi wa damu wa 12.6 kwa gramu katika desilita ni sawa na 126 kwa gramu katika lita. Bahati nzuri, karatasi ya damu ina njia ya kujikagua. Asilimia za aina tano za chembe nyeupe zikijumlishwa zinapaswa kufika karibu 100, na asilimia ya kila aina ikizidishwa kwa jumla ya chembe nyeupe inapaswa kutoa hesabu yake kamili. Kwa mama huyu neutrofili ni asilimia 40 ya 4.3, yaani 1.72, na ndivyo ilivyoandikwa. Hesabu ingekataa, ingebidi kuomba picha nyingine.

Sasa tuzitazame alama. NEUT# ni 1.72, na mpaka wa chini ni 2.00, kwa hiyo L. NEUT% ni 40, mpaka wa chini 50, L tena. LYM% ni 46, mpaka wa juu 40, H. EOS% ni 6.5, mpaka wa juu 5, H. Mwisho PLT, yaani chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, ni 142, mpaka wa chini 150, L.

Mgonjwa anahesabu matatizo matano. Ukweli ni kwamba nne za mwanzo ni habari moja. Asilimia ni kugawana mkate mmoja: wa kwanza akipata kipande kidogo, vya wengine huonekana vikubwa hata kama mkate haukuongezeka. Ndiyo maana limfosaiti zina H kwenye asilimia, ilhali hesabu yake kamili, LYM#, ni 1.98 na iko katikati ya mipaka. Eosinofili vivyo hivyo: hesabu kamili ni 0.28, chini ya mpaka wa 0.50. Mtu wa maabara hutazama kwanza mistari yenye # ndipo aje kwenye yenye %. Kwa hiyo zinabaki habari mbili, neutrofili na chembe sahani.

Na mpaka wenyewe unatoka wapi? Kwa kawaida hupimwa watu waonekanao wazima, kisha huchukuliwa asilimia 95 ya katikati. Maana yake mtu mzima mmoja kati ya 20 huanguka nje ya mpaka bila ugonjwa wowote, na hilo ni kwa kipimo kimoja tu. Karatasi yenye mistari 20 ina nafasi nyingi za kupata alama.

Kwa neutrofili kuna jambo zaidi, nalo linatuhusu sisi hasa. Mashine nyingi huja na mipaka iliyopatikana kwa watu wa mabara mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima watu wazima wenye afya wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia, ukakuta neutrofili zao na hata chembe sahani zao ziko chini kuliko za Wamarekani. Kwa Waafrika wengi, upungufu huo wa neutrofili unahusishwa na urithi wa kutokuwa na alama iitwayo Duffy juu ya chembe nyekundu. Hii haithibitishi kwamba mama yetu yuko katika kundi hilo. Inaeleza tu kwa nini L ya 1.72 peke yake haitoshi kumkosesha mtu usingizi.

Chembe sahani nazo zina hila yao. Wakati mwingine hugandana ndani ya kichupa cha damu, mashine ikalihesabu bonge zima kama chembe moja au isilihesabu kabisa. Maabara huligundua hilo kwa kutazama damu kwenye kioo chini ya hadubini.

Mpwa wake, akiwa mtu makini, angemjibu hivi: "Shikamoo shangazi. Nimeona alama tano, lakini nne zinatokana na jambo moja: aina moja ya chembe nyeupe iko chini kidogo ya mpaka wa mashine. Ya tano ni chembe sahani, nazo ziko chini kidogo. Sababu siwezi kuijua kwa karatasi. Muulize daktari kama kuna haja ya kurudia kipimo, na umpelekee majibu ya zamani kama unayo." Kisha angemuuliza kama ameugua homa karibuni, anatumia dawa gani, na kama ana mimba. Akijibiwa, majibu hayo ni ya kumpelekea daktari, si ya kukisia.

Kutotaja ugonjwa hakuzuii kumharakisha mtu. Neutrofili zikiwa chini ya 0.5 na mgonjwa ana homa, hiyo ni dharura, na jibu ni moja: rudi hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo mwenye chembe sahani chache sana na anatoka damu puani au kwenye fizi. Na asiye na alama hata moja lakini anahema kwa shida asiachwe nyumbani kwa sababu karatasi yake ni safi.

Ukituma picha ya majibu, laza karatasi mezani, ipige kutoka juu kwa mwanga wa mchana, kingo zote nne zionekane, na ufunike jina na namba ya faili. Acha wazi umri, jinsia na tarehe, maana mipaka hubadilika kwa umri na jinsia. Kisha andika chini yake kilichokupeleka hospitali na dawa unazotumia.