Sekunde Thelathini za Redio: Anza na Namba ya Simu

Tangazo la redio linapozidi muda, kinachoumia mara nyingi ni mwisho wake, na mwisho ndipo namba ya simu ilipo. Msomaji hukimbiza tarakimu, naye msikilizaji hubaki na nusu ya namba. Kwa hiyo anayepunguza maneno na aanzie huko nyuma.

Namba ya Tanzania ina tarakimu kumi. Ikisomwa taratibu kwa mafungu, nne, kisha tatu, kisha tatu, hula sekunde tano hivi. Lazima irudiwe, maana msikilizaji anakuwa bado anatafuta kalamu, hivyo jumla hufika sekunde 11. Jina la duka na mahali lilipo huchukua kama tano. Ofa inabakiwa na sekunde zisizozidi 12, na mbili za mwisho waachiwe pumzi na muziki.

Tuchukue duka la magodoro mjini Morogoro. Mwenye duka ameandika: "Habari njema kwa wakazi wote wa Morogoro na vitongoji vyake! Je, unateseka na maumivu ya mgongo? Usihangaike tena! Tunakuletea magodoro bora, imara na ya kisasa, kwa punguzo la asilimia kumi na tano..." Sekunde 15 zimekwisha, bei haijatajwa. Mbele yake kuna saa za kufungua, namba ya chumba, simu mbili na ukurasa wa Instagramu.

Salamu iondoke, na "bora, imara na ya kisasa" pia, kwa kuwa kila duka husema hivyo. Asilimia igeuzwe kuwa bei, msikilizaji asipigishwe hesabu. Namba ya chumba ataelekezwa akipiga simu, na simu yenyewe ibaki moja. Linabaki hili:

"Godoro la futi tano kwa sita, lililokuwa laki mbili, mwezi huu laki na sabini. Mwisho tarehe thelathini. Tunakuletea nyumbani bure, Morogoro mjini. Fika" (jina la duka), "Msamvu, mkabala na stendi. Piga" (namba), "narudia" (namba).

Lipime kwa kulisoma kwa sauti, saa ya simu ikihesabu, maana kusoma kimoyomoyo hudanganya. Likiishia sekunde 27 au 28, linatosha. Msomaji akivuta pumzi katikati ya fungu la tarakimu, bado limejaa. Usimwombe fundi mitambo aharakishe sauti, kwani tarakimu ndizo zitakazopotea kwanza. Toa sentensi nzima badala ya kunyofoa neno moja moja: hapa ya kwanza kutoka ingekuwa ya kuletewa nyumbani.

Mwenye duka akitaka mito na mashuka vitajwe pia, hayo ni matangazo mawili.